Dawa ya kuchua: ipewe haki yake, lakini baada ya kupima

"Hizo dawa za kuchua zinapasha ngozi tu, hazifiki kwenye msuli," husema wahudumu wa afya. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na bado wanaozitumia wana haki ya kuzisifia.

Mentholi huamsha neva za ngozi zinazohisi ubaridi, na ukali wa pilipili huamsha zile za joto. Ubongo ukishughulishwa na hisia hiyo, maumivu ya chini yake hupungua, na unafuu huo ni wa kweli hata kama msuli wenyewe haujapata moto. Mfikirie mpakiaji wa viazi pale Uyole aliyeshinda akipandisha lumbesa kwenye lori. Kesho yake mapaja yote mawili na mgongo vimekaza. Uchovu wa namna hii hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huondoka wenyewe. Kuchuliwa taratibu, hata kwa mafuta ya kawaida ya alizeti, hupunguza maumivu kiasi, na asubuhi ya Julai, Mbeya ikiwa na baridi yake, kiasi hicho ndicho kinachomtoa kitandani. Anayemkataza anamnyima nafuu bila kumpa nyingine.

Ngozi ikianza kuungua, mara nyingi dawa ilipakwa palipochubuka, ikafungwa bandeji, au ikakandwa kwa maji ya moto juu yake. Aifute kwa mafuta ya kula, kisha aoshe kwa sabuni.

Wahudumu wa afya wana hoja nzito mahali pengine. Mpakiaji yuleyule akikanyaga vibaya ubao wa lori, kifundo cha mguu kikageuka, jioni wenzake watamkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu. Mishipa midogo ya damu iliyopasuka bado inavuja, na joto na msuguano huongeza uvimbe. Kibaya zaidi, dawa ikishatuliza, anasimama, anaona amepona, na kesho anabeba gunia juu ya mfupa ambao huenda umevunjika.

Kwa hiyo apimwe kabla kopo halijafunguliwa. Aweze kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha abonyezwe kwenye mfupa wa kifundo, upande wa nje na wa ndani, ukingo wa nyuma, kuanzia ncha ya chini hadi sentimita 6 juu. Hatua nne zikimshinda, au mfupa wenyewe ukiuma unapobonyezwa, aende kupigwa eksirei. Akifaulu yote mawili, apumzishe mguu, auinue, aweke kitambaa cha maji baridi. Kuchua kusubiri siku mbili tatu.

Ila shavu la mguu mmoja likivimba, likauma na kupata joto bila kugongwa popote, lisichuliwe kabisa. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na bonge likisukumwa linaweza kufika kwenye mapafu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.