Sikupigana na Friji

Nimeona niseme mwenyewe kabla jua la leo halijachwa, kwa sababu rafiki yangu, aliyeshuhudia nusu ya kisa na kuijaza nusu iliyobaki kwa ufundi wake wa maneno, alikwisha kukisimulia barazani Langoni jana usiku, na asubuhi hii mwenye punda aliyeniletea mchanga ameniuliza kwa huruma kabisa kama ni kweli nilipigwa na friji. Sikupigwa, wala sikupigana nayo. Tulikumbatiana tu, na mama mkwe wangu akatukuta.

Wale mliokwisha kufutari kwetu mnalijua jiko lenyewe, jembamba kama kichochoro, lenye kuta za mawe zilizojengwa na watu ambao hawakuwa na haja ya kufikiria friji. Friji yetu ina milango miwili, wa barafu juu na mkubwa chini, nayo imesimama pembeni, ukuta ukiwa kushoto kwake na mlango wa jikoni ukiwa kulia. Bawaba zake zilikuwa kulia, kama zilivyo kwa friji nyingi zitokapo kiwandani, kwa hiyo kila ilipofunguliwa, mlango wake ulimzibia njia mtu anayeingia, na mpishi alilazimika kujibana baina ya mlango na ukuta ndipo azifikie nyanya. Mke wangu alilalamika kwa upole mwaka mzima. Mama mkwe alilalamika mara moja tu, nami siku ya pili nilikuwa nimeshika bisibisi.

Nilikuwa nimesikia kwamba bawaba za friji za aina hii huweza kuhamishwa upande wa pili, na hilo ni kweli. Nilichoshindwa kufanya ni kuitazama friji kwa dakika tano kabla ya kuigusa. Rafiki yangu aliutazama upande wa kushoto, akasema hauna tundu hata moja, akapendekeza tukaazime drili. Matundu yalikuwapo yote, juu, katikati na chini, ila yalizibwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki vyenye rangi ileile ya friji, ambavyo ukivipitishia ukucha unavihisi. Kama matundu hayo hayapo, basi friji hiyo haikutengenezwa ili igeuzwe, na shughuli inakoma hapo. Kutoboa si njia, na sababu yake nitaifikia, kwa maana fundi aliponieleza nilikaa chini.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo ujinga wangu ulipozaliwa. Mimi sikuwa na ugomvi na mlango wa barafu. Uliokuwa ukinikera ni ule mkubwa wa chini. Nikaona sina haja ya kuanzia juu. Katikati ya milango miwili upo ubapa wa chuma uliokazwa kwenye mwili wa friji kwa skrubu mbili, nami nikaamini kwa moyo mmoja kwamba huo ndio bawaba ya juu ya mlango wa chini, na kwamba nikiufungua nitauchukua mlango wangu niende zangu. Ni kweli kwamba ni bawaba ya juu ya mlango wa chini. Lakini pia ni bawaba ya chini ya mlango wa juu. Ubapa huo una pini inayoshuka ndani ya mlango mmoja na nyingine inayopanda ndani ya mlango wa pili, na ndiyo maana kazi hii huanzia kileleni: unafungua bawaba ya juu kabisa, unaunyanyua mlango wa barafu kutoka kwenye pini yake na kuuweka kando, kisha ndipo unaigusa ya katikati, na ya chini inakuwa ya mwisho.

Nilizifungua skrubu zote mbili. Hakuna kilichotokea, jambo lililonipa kiburi. Sikujua kwamba mpira unaozunguka mlango una sumaku ndani yake, na sumaku hiyo ina nguvu ya kutosha kuushikilia mlango usio na bawaba mpaka mtu auguse. Rafiki yangu akatoka kwenda kuazima spana kwa ajili ya bawaba ya chini, nami nikaushika ule ubapa nikauvuta.

Ubapa haukutoka, maana pini zake zilikuwa bado zimo ndani ya milango. Ilikuja milango. Wa chini ulibanduka kwa juu ukaanza kuniinamia taratibu, kama jahazi linalolala upande, ukiwa umebaki na pini moja tu kule miguuni. Wa juu nao ukatoka kwa chini, ukining'inia kwenye pini ya juu ambayo haikuwa na kazi ya kubeba mzigo. Niliukinga wa chini kwa kifua na wa juu kwa paji la uso, ubapa ukanichoma tumboni, na katika utulivu ule nikasikia chupa zikigongana ndani, kwa sababu sikuwa nimeondoa kitu chochote mlangoni. Mlikuwamo chupa mbili za ukwaju, mtungi wa achari ya maembe na mayai 12. Msiniulize kwa nini sikuviondoa. Nilidhani ninabadilisha mlango, si yaliyomo.

Hapo ndipo niliposikia, "Hodi, wenyewe!"

Nikajibu, "Karibu, Mama," kwa sauti iliyopita katikati ya mlango na pua.

Mama mkwe akaingia, akasimama, akanitazama jinsi nilivyoibandikia friji uso na mikono. "Mwanangu," akasema, "ni joto?"

Mkwe hajibiwi ovyo. Nilianza kumweleza kwa mpangilio unaostahili, nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa kutogeuka, na nilikuwa bado katika radhi alipokwisha kuamua kwamba mwanaume huyu anapumzika na haifai kumsumbua. Alikuwa amekuja kuchukua barafu. Akanyoosha mkono kupitia juu ya bega langu, akashika kishikio cha mlango wa juu. Nikasema, "Mama, kwa hisani yako, naomba tafadhali us—" na hapo nikagundua kwamba adabu yetu ya pwani, pamoja na uzuri wake wote, ni ndefu kuliko muda unaotumiwa na mlango kuanguka.

Mlango wa barafu uliteremka kutoka kwenye pini yake, nikaudaka kwa mikono miwili, na kwa kuwa sina mikono minne, nikauachia wa chini. Ulikwenda polepole mno. Niliyaona mayai yakitoka kwenye kitako chake moja baada ya jingine, kwa foleni, kama wanafunzi wanaotoka darasani. Niliuona mtungi wa achari ukigeuka, mfuniko ukienda kwake na pilipili zikija kwangu. Chupa moja ya ukwaju ilivunjika. Ya pili haikuvunjika, bali ilibingirika kwa heshima hadi miguuni mwa mama mkwe ikasimama hapo. Mlango wenyewe ukatua kwenye kidole changu kikubwa cha mguu. Rafiki yangu aliingia na spana wakati huohuo, akanikuta nimesimama katika kanzu ya rangi ya achari, nimeubeba mlango mkononi kama mtoto mchanga, na mama mkwe akiniuliza kama kuna barafu nyingine.

Yaliyofuata hayana uhondo. Jana alikuja fundi wa friji, akacheka kwanza, kisha akafanya kazi kwa saa moja na ushei. Aliuliza kama friji imechomolewa kwenye umeme, haikuwa imechomolewa. Alitazama bawaba ya juu kuona kama kuna nyaya zinazopita ndani yake, kwa sababu friji zenye kioo cha namba au vitufe mlangoni hupitisha nyaya hapo, na hizo nyingi hazigeuziki, yetu haina. Aliposikia habari ya drili alinionyesha kibandiko kilichoandikwa R600a, akaeleza kwamba hiyo ni gesi inayoshika moto, na kwamba katika friji nyingi mabomba yake yamefichwa ndani ya kuta za pembeni, na mara nyingi hata kwenye fremu ya mbele ambako mlango unagusa, ili pasitoke jasho. Unapotoboa hujui unatoboa nini. Rafiki yangu, ambaye barazani hakuigusia drili hata kidogo, alikuwepo akisikia.

Kisha akauliza, "Kifuko kiko wapi?" Kumbe friji yetu ilikuja na kifuko chenye vipande vya plastiki vya upande wa kushoto. Chini ya mlango kuna kipande kinachouzuia usipitilize na kuusaidia ujifunge wenyewe, na cha kulia hakifai kushoto, kwani umbo lake limegeuka kama lilivyogeuka la viatu. Tulikikuta kifuko chetu katika droo ya vifungo vya nguo, mke wangu akiwa amekihifadhi kwa mwaka mzima bila kujua ni cha nini, na hiyo ndiyo bahati pekee niliyopata wiki hii. Fundi aliinamisha friji kidogo kwa nyuma ili aihamishe bawaba ya chini, ule ubapa wa katikati akaugeuza juu chini akaukaza kushoto, akakumbuka kurudisha wosha ndogo za kwenye pini, ambazo mimi nilikuwa nimezifagia pamoja na maganda ya mayai. Akatuagiza tuiache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mwisho alibana kipande cha karatasi mlangoni kila upande na kukivuta. Palipoteleza bila kushika, kwenye pembe moja ya juu, aliukanda mpira kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukakaa, kwa maana mpira uliozoea upande mmoja huacha mwanya, na mwanya huo utauona baadaye kwa theluji inayojaa ndani.

Mlango ulifunguka upande wa ukutani, njia ikawa nyeupe, nami nikamwita mama mkwe aje aone. Akaufungua, akainama kuvuta droo ya mboga. Droo ikaja nusu ikakwama. Mlango ulikuwa umegonga ukuta ukiwa umefanya pembe mraba na mwili wa friji, na ukiwa hapo rafu zake hubaki mbele ya droo. Unahitaji kupita pembe hiyo ndipo droo itoke. Ningepima nafasi ya ukutani kabla ya yote ningelijua hilo. Sasa friji imesogezwa shibiri moja kulia, na ile njia niliyoitafuta kwa damu ya kidole imerudi kuwa nyembamba vilevile.

Leo asubuhi mama mkwe amekuja na barafu yake mwenyewe ndani ya chupa ya chai.