Hotuba ya mkuu wa mkoa na watu wa dago

Mkuu wa mkoa anapoipokea timu ya sensa, wengi husikia siasa tu: "Tuhesabiwe tupate maendeleo." Wanaoguna wana sababu. Kuna waliohesabiwa mwaka 2012, wakahesabiwa tena 2022, na kisima bado ni kilekile. Tena kiongozi naye ana maslahi yake, kwa kuwa idadi kubwa humpa nguvu ya kudai fedha na majengo. Hofu hiyo ni ya haki, na hotuba isiyoigusa haimtoi mtu shakani.

Hata hivyo, sehemu ya hotuba hiyo inayohusu kujua kila kaya iko wapi inadharauliwa bure. Sera ya maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, ndani ya mita 400. Chukua kitongoji chenye watu 750: kwa kipimo hicho kinastahili vituo vitatu. Karani akiruka kaya 58 zilizo ng'ambo ya korongo, kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, ambao ndio wastani wa taifa wa 2022, wanapotea watu kama 250. Kwenye karatasi vituo viwili vinatosha. Mhandisi hajakosea hesabu. Kapewa watu pungufu, na mama wa ng'ambo ya korongo ndiye atakayeendelea kubeba ndoo hadi sensa nyingine, miaka 10 baadaye.

Kaya hizo haziokolewi na kishikwambi. Zinaokolewa na mwenyekiti wa kitongoji anayeongozana na karani, anayejua mpaka unapita kwenye mbuyu upi na nyumba ipi imejificha nyuma ya mikorosho. Ndiyo maana mkuu wa mkoa anapowaagiza wenyeviti wasikae ofisini, anasema jambo la kitaalamu kuliko anavyodhaniwa. Dalili za uzembe huonekana baadaye: watu wenye umri unaoishia na 0 au 5 ni wengi kupita kiasi kwa sababu umri ulikisiwa, na watoto wachanga ni wachache kuliko wanaoandikwa kliniki.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti 23, 2022. Mvuvi aliye dago, yaani kambi ya wavuvi, usiku huo anahesabiwa huko dago, ingawa mkewe na watoto wanakunywa maji ya kijiji kingine. Utaratibu huo unazuia mtu kuhesabiwa mara mbili, nami nauunga mkono, lakini unaweza kukinenepesha kisiwa cha wavuvi na kukikondesha kijiji chao. Mkuu wa mkoa ulio mwambao anapaswa kulitaja hili waziwazi, pamoja na kwamba Sheria ya Takwimu inakataza taarifa za mtu binafsi kutolewa. Mvuvi anayedhani karani ni mtu wa kodi hatamngoja. Atasukuma ngalawa kabla hakujapambazuka.