Gemu likishambuliwa kwa maoni hasi, usome nini kabla ya kulipa

Tarehe 3 Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kupitia Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, watalazimika kuunganisha akaunti zao na PSN, mtandao wa akaunti za PlayStation. Gemu lilikuwa limetoka Februari na lilipendwa sana. Ndani ya siku chache lilimwagiwa maoni hasi zaidi ya laki mbili, na Sony ikaachana na mpango huo.

Wanaolaumu mashambulizi ya aina hii wana hoja nzito. The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020, wakosoaji waliipa zaidi ya 90 kwa 100, lakini alama ya watumiaji kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za magemu, ikaanguka chini ya 4 kwa 10 siku hiyohiyo. Gemu hilo huchukua zaidi ya saa 20 kulimaliza, kwa hiyo wengi waliopiga kura siku ile walikuwa wanahukumu hadithi waliyosimuliwa. Baadaye Metacritic ikaweka muda wa kusubiri kabla ya watumiaji kuruhusiwa kuandika.

Helldivers 2 ni jambo tofauti kabisa. PSN haikuwa na huduma rasmi Kenya wala Tanzania. Mchezaji wa Nairobi angelazimika kudanganya nchi anayoishi, au apoteze gemu alilokwisha kulilipia. Kisha likaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170, na Sony ilipobadili msimamo halikurudishwa huko mara moja. Kwa mnunuzi wa huku, maoni yale yalikuwa na taarifa ambayo hakuna alama ya mkosoaji iliyoibeba.

Ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Asilimia ya Steam haipimi ubora; inahesabu tu wangapi wanapendekeza. Chukua gemu lenye maoni 100,000, asilimia 90 yakiwa mazuri. Likipata mabaya 20,000 kwa wiki moja, linashuka hadi asilimia 75 bila hata mstari mmoja wa programu kubadilika.

Kwa hiyo linganisha kwanza All Reviews na Recent Reviews, ambayo ni ya siku 30 za karibuni. Zikipishana sana, fungua grafu iliyo juu ya maoni, utafute siku mwiba mwekundu ulipoanza, kisha usome maoni ya siku hizo. Tazama pia saa alizocheza mwandishi: mwenye saa 150 anayelalamikia seva ana uzito kuliko mwenye dakika 12, ingawa hizo dakika 12 zinatosha kabisa kama tatizo ni gemu kukataa kufunguka.

Tangu 2019 Steam huweza kuondoa kwenye alama maoni ya kipindi inachoona yametoka nje ya mada. Grafu huweka alama kwenye kipindi hicho, na maoni yenyewe hayafutwi. Yasome hata hivyo, kwa sababu masharti ya akaunti au mfumo wa kuzuia unakili yanaweza kuonekana nje ya mada kwa duka, lakini kwako yakaamua kama gemu litawaka.