Wakili wa nani?

Leo kazini, saa ya chakula, mwenzangu alikuwa amefura. Pesa zake za mwezi zimechelewa siku mbili. Si mshahara wa kazini, la. Ana mimba ya miezi sita anayowabebea mume na mke wengine kwa malipo, na pesa zao zimewekwa kwa mtu wa kando ambaye humtolea kidogo kidogo kila mwezi. Akampigia wakili wake, na chai haijapoa, pesa zikaingia.

Nikamuuliza nani anamlipa wakili. Akanishangaa. Wanalipa wenye mtoto, lakini wakili ni wake yeye, na wao wana wakili wao. Hapa New York ndiyo sheria.

Haya, naanza kuwasikia. "Huyu amekaa Albany miaka tisa, sasa kila cha Wazungu kitamu." Ngojeni basi. New York hii hii ilipiga marufuku biashara hiyo ya kubebeana mimba mwaka 1992, baada ya kesi ya jirani zao wa New Jersey, ya mtoto waliyemwita Baby M, ambapo mama aliyembeba kwa malipo alikataa kumtoa. Yule alitumia yai lake mwenyewe. Ilichukua karibu miaka 30 ya kubishana, mpaka Februari 2021, ndipo wakaruhusu, na ni kwa mimba isiyotokana na yai la mbebaji tu. Hawakuamka asubuhi wakiwa na akili. Walichofanya ni kuuliza mwanamke huyu anaumia wapi, wakaziba hapo. Dawa haianzi kabla pesa hazijawekwa. Bima ya afya inamfunika mimba yote na miezi 12 baada ya kujifungua. Kuna bima ya maisha pia, ya dola 750,000 ikiwa kampuni itamkubali kwa kiasi hicho. Na uamuzi wote wa mwili wake, hata wa kuitoa mimba, ni wake.

Sasa nyumbani. Binti wa jirani yetu, Kisauni, Mombasa, alinitumia picha za mkataba wake wa kubeba mimba mwaka juzi, kurasa kumi na kitu za Kiingereza cha korti. Kulikuwa na kifungu cha kupunguza watoto tumboni, kwa maana kliniki ilipanga kumwekea viinitete viwili ili wasikose. Hakukielewa. Aliyemfafanulia alikuwa dereva wa kliniki, njiani wakienda kusaini. Wakili alikuwepo, tena mmoja, wa kliniki, aliyemwonyesha pa kuweka sahihi.

Nikamwambia atafute mstari mmoja tu: mimba ikitoka mwezi wa tano, analipwa nini? Akautafuta. Nauli.

Akasaini. Alidungwa projesteroni kila usiku kwa wiki kumi, sindano ndefu ya matakoni, dawa yenyewe imechanganywa na mafuta ya ufuta, mazito, mpaka uipashe kwapani kwanza. Mwenzangu hapa alidungwa hiyo hiyo, na makalio yote yakawa mabonge vilevile. Tumbo ni tumbo.

Shangazi yangu kwenye simu anasema ni unyonyaji, mtoto si kuku wa kuuzwa, basi malipo yakatazwe. Muswada wa mbunge Millie Odhiambo nao unakataza malipo ya biashara, ila gharama tu. Shangazi, nakuheshimu, lakini daktari atalipwa. Maabara italipwa, wakili atalipwa, dereva yule atalipwa. Wa bure abaki mwenye kupasuliwa peke yake? Na ukimkataza wakala anayetafuta wabebaji, atahama mtaa tu. Kutokuwa na sheria nako tumekuonja: mwaka 2014 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kesi ya mapacha waliopelekwa makao ya watoto kwa sababu hospitali haikujua iandike jina la mama yupi.

Mniite nimeuza utu. Lakini sisemi pesa ni safi. Mwenzangu ana deni la chuo, na asingekuwa nalo asingebeba, amesema mwenyewe. Sijaona tajiri wa Manhattan akimbebea mwosha vyombo. Hapo shangazi ana haki na sina jibu. Ninachokataa ni kuona umaskini wa mbebaji ukitajwa pale tu anapodai malipo, ilhali anaposaini asichokisoma watu wamenyamaza.

Jana shangazi akaniuliza: na wewe ungebeba? Sasa hivi, hapana. Nina miaka 44 na nimeshapasuliwa mara mbili. Lakini nilipokuwa na 26, mdogo wangu amefukuzwa shule kwa ada, ningebeba. Na ningesaini ndani ya gari.