Dakika 320 za saa, dakika 160 za miguu

Mwezi Februari, saa yangu ya mkononi ilinipongeza kwa kufikisha dakika 320 za mazoezi katika wiki moja. Mwezi Juni, kwa matembezi yale yale ya jioni, njia ile ile na mwendo ule ule, ikaniandikia dakika 160. Nilidhani nimelegea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba miguu yangu haikuwa imebadilika hata kidogo, na kwamba hesabu ya Februari ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au achanganye yote mawili kwa uwiano huo. Kwa kuwa 75 ni nusu ya 150, saa nyingi, zikiwemo za Garmin na Fitbit, huhesabu kila dakika ya mazoezi makali kuwa mbili. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Tatizo liko katika swali linaloitangulia, yaani saa inajuaje kwamba dakika hii ni kali na ile ni ya wastani?

Mwongozo hupima ukali kwa kazi ambayo mwili unaifanya, lakini saa haiioni kazi hiyo. Inachokiona ni mapigo ya moyo, kwa taa ndogo inayomulika ngozi ya mkono. Saa yangu huchukua mapigo ya juu kabisa ya moyo, huondoa mapigo ya mtu aliyepumzika, kisha huchukua asilimia 40 ya nafasi iliyobaki, huirudishia yale mapigo ya kupumzika, na kuuita huo mwanzo wa wastani; kwa asilimia 60 hupata vivyo hivyo mwanzo wa ukali. Hayo mapigo ya juu haikuyapima. Iliyakisia kwa kutoa umri wangu, miaka 46, katika 220, ikapata 174. Kanuni hiyo ni wastani wa watu wengi, na watu wa umri mmoja huweza kutofautiana kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini.

Nikipumzika, moyo wangu hupiga mara 62 kwa dakika. Kwa makisio ya saa, basi, wastani ulianzia mapigo 107 na ukali ulianzia 129. Februari Dar es Salaam ina joto na unyevu, na moyo hulazimika kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili mwili upoe, hivyo nilipotembea dakika 40 mapigo yalikaa kwenye 132. Saa ikaona ukali, ikazidisha kwa mbili: siku nne, dakika 320. Juni, hewa ilipopoa, mwendo ule ule ulinipa mapigo 118, na dakika zikahesabiwa moja moja.

Baadaye nilipanda kilima Pugu kwa kasi yangu yote, mara mbili, nikiwa nimepasha mwili joto na nimevaa mkanda wa kifuani, ambao husoma mapigo vizuri kuliko mkono unaotikisika. Nilifika 186. (Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa asijaribu jambo hili.) Nilipoiandikia saa namba hiyo, mwanzo wa wastani ukawa 112 na mwanzo wa ukali 136. Kwa mipaka hiyo, matembezi ya Februari yalikuwa ya wastani tu, dakika 160, sawasawa na ya Juni. Nilikuwa nimeacha kutembea Jumamosi nikiamini nimevuka hata kiwango cha juu cha mwongozo, kumbe nilikuwa nimekipita kile cha chini kwa dakika kumi.

Kosa linaweza pia kwenda upande wa pili. Anayetumia dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, kama vile atenolol, anaweza kutembea kwa bidii hadi akatokwa jasho na saa isimwandikie kitu. Na saa yangu iliwahi kunipa dakika nane za wastani nikiwa nimeketi kwenye kiti, Simba wakicheza na Yanga.

Asiye na kilima wala mkanda ana kipimo kingine, ambacho wataalamu wenyewe hukitumia: akiwa katika mwendo wa wastani anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, katika mwendo mkali hutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi. Mimi huimba ubeti mmoja nikikaribia mwembe wa kona ya pili, wapita njia wakinishangaa, kisha hutazama mkononi. Nikishindwa kuimba huku bado naweza kuzungumza, na saa ikasema mwendo ni mkali, naigawa hesabu yake kwa mbili.