Saa Peke Yake Haimalizi Sura ya Pili

Mtu anayeshindwa kumaliza kazi hupewa ushauri uleule kila siku: jipangie muda, tega kengele kwenye simu, ikilia uache. Kwa anayeahirisha kwa uvivu unaweza kufaa. Kwa yule asiyeridhika mpaka kila sentensi ing'ae, haufai. Nahariri tasnifu za wanafunzi wa uzamili, na watu wa aina hii ndio wateja wangu wakubwa. Kengele ikilia, anaitazama kazi, anaiona ina kasoro, anaizima kengele na kuendelea. Tena hakosei, kasoro zipo kweli. Hakuna aliyemwambia ni kasoro zipi anaruhusiwa kuziacha.

Ndiyo maana nashikilia kwamba muda wenye kikomo uende pamoja na sharti la kusimama, na sharti hilo liandikwe kabla kazi haijaanza. Msingi wake si mgeni. Mwaka 1956 Herbert Simon, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba kiumbe mwenye muda na taarifa chache hatafuti kilicho bora kuliko vyote. Anakuwa na kiwango kinachomtosha, na akikutana na kitu kinachokifikia anakichukua. Mpenda ukamilifu anacho kiwango pia, ila kila akikikaribia anakisogeza mbele.

Kukadiria muda nako kuna mtego wake. Roger Buehler na wenzake walichapisha mwaka 1994 utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu za shahada ya kwanza. Kwa wastani walitabiri kumaliza ndani ya siku 34 hivi, wakatumia 55 na ushee. Hata walipoambiwa wakadirie kama kila kitu kingewaendea vibaya, walitaja kama siku 48, na hiyo pia haikutosha. Kwa hiyo mtu akiniambia sehemu fulani itamchukua wiki moja, simbishii. Namuuliza sehemu iliyotangulia ilimchukua muda gani.

Mwanafunzi mmoja alikuwa akiandika kuhusu mafunzo ya madereva wa bodaboda na ajali za barabarani. Kila nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Dada, sura ya pili bado kidogo tu." Msimamizi wake alikuwa hajaona hata ukurasa mmoja. Nilipofungua faili nikakuta aya ya kwanza imesuguliwa mpaka inateleza, na chini yake vichwa vitupu.

Tukachukua sehemu moja tu ya sura ile, ya tafiti kuhusu mafunzo. Nikamtaka aandike sharti lake. Akaandika: "Iwe na uchambuzi wa kina na iliyoandikwa vizuri." Sharti la namna hiyo halimsimamishi mtu, kwa sababu "kina" hakina mwisho na "vizuri" anayehukumu ni yeye mwenyewe. Nina kipimo kimoja: mtu mwingine akipewa karatasi na sharti, aweze kusema ndiyo au hapana bila kumuuliza mwandishi. Tulipomaliza, sharti lilisomeka hivi: maneno kati ya 1,200 na 1,500; kila aya na hoja moja yenye chanzo; aya ya mwisho itaje pengo ambalo utafiti wake utaliziba; na faili iwe imetumwa kwa msimamizi. Hilo la mwisho ndilo alilolipinga sana. Sikulegeza. Rasimu iliyokaa kwenye kompyuta ya mwenyewe itafunguliwa tena usiku.

Kisha tukagawa muda: saa nne za kutafuta vyanzo, vipindi vitatu vya dakika 90 vya kuandika, na saa moja ya kusahihisha.

Kutafuta vyanzo kulihitaji sharti lake, maana hapo ndipo watu hawa huzama. Kila makala ina orodha ya marejeo, na kila rejeo lina orodha yake. Tulikubaliana kwamba vyanzo vitatu mfululizo visipoleta hoja mpya, utafutaji unaishia hapo hata kama saa bado zipo. Kuacha kabla ya muda kulimwia vigumu kuliko kuacha muda ulipokwisha, na nimeona hivyo kwa wengi. Akibakiwa na saa nzima anaona ni dhambi kuiacha.

Kwenye kuandika, kanuni ilikuwa kwamba kipindi cha kwanza kikiisha, sehemu nzima iwe imefika mwisho, hata kwa sentensi mbovu. Penye chanzo kinachokosekana aandike neno CHANZO kwa herufi kubwa na kusonga mbele. Wazo zuri lisilohusu sehemu hiyo liende kwenye karatasi ya pembeni. Bila kanuni hii kikomo cha muda ni hatari: kengele inalia una aya moja safi na kurasa tupu, na hiyo huwezi kumtumia mtu. Dalili ya kwamba mambo yanaharibika huonekana mapema. Nusu ya kipindi cha kwanza ikipita na bado anagusa aya ya kwanza, ujue anasugua tu, haandiki.

Saa ya kusahihisha nayo ina mpangilio: kwanza mfuatano wa hoja, halafu vyanzo, halafu tahajia, na mwisho kabisa nafasi za mistari na ukubwa wa herufi. Mpenda ukamilifu huanzia huku mwisho, kwa kuwa huko ushindi ni rahisi.

Je, muda ukiisha na sharti halijatimia? Naruhusu nyongeza moja, isiyozidi nusu ya muda wa mwanzo, na ndani yake hakuna kuongeza kitu. Ni kufupisha. Yeye alifika mwisho na hoja sita, mbili zikiwa bado hazina vyanzo vya kuaminika. Akazitoa hizo mbili, akabaki na nne zilizosimama, maneno yakawa 1,240, akatuma. Hapa nakubaliana na wale wanaopunguza upana wa kazi badala ya kulegeza ubora wa kilichobaki. Hoja nne zenye miguu zinasomeka kuliko sita zinazochechemea.

Msimamizi aliirudisha na maoni. Alitaka aya mbili ziunganishwe na chanzo kimoja cha zamani kibadilishwe. Aya ya kwanza, ile iliyosuguliwa, alishauri ifutwe kwa sababu ilikuwa inarudia utangulizi. Hilo mwanafunzi asingeligundua kwa kuisugua zaidi, lilihitaji jicho la mtu wa pili.

Kuna mahali ambapo siruhusu neno "inatosha". Takwimu kwenye majedwali, majina ya watafiti, maneno yaliyonukuliwa, ridhaa ya washiriki: hivi ama ni sahihi ama si sahihi, na muda ukiisha kabla ya kuvikagua, kazi haitoki. Namwambia mtu avitenge mapema na kuviwekea ukaguzi wake, ili visitumike kama kisingizio cha kuendelea kuchezea sentensi. Pia simfungii muda mtu ambaye bado hajaelewa anachotafuta. Huyo namwachia asome na kuzungumza na msimamizi wake kwanza, kwa sababu hawezi kuandika sharti la kitu asichokijua.

Sehemu iliyofuata ilikuwa ya sheria za usafirishaji. Hatukukadiria upya. Tulichukua saa alizotumia kweli kwenye ile ya kwanza, pamoja na nyongeza, tukaziandika juu ya ukurasa mpya, na chini yake sharti.