Kungumanga: kati ya ncha ya vidole na kijiko cha chakula

Kila ninapopika chai ya maziwa mbele ya wageni na kukwaruza kungumanga juu ya sufuria, hutokea mmoja anayeuliza kama ni kweli kiungo hicho kinalevya, na mwingine anayemjibu kwamba bibi yake alikitumia maisha yake yote na hakupatwa na lolote. Kwa maoni yangu wote wawili wana haki, ila wanazungumzia vipimo viwili tofauti bila kujua. Kungumanga ni sumu kwa kiasi fulani, na kwa kiasi kingine ni kiungo tu kama mdalasini au iliki. Umbali uliopo kati ya viasi hivyo viwili ni mkubwa kwa mpishi, lakini ni mdogo mno kwa mtu anayeikoroga kwenye maji na kuinywa kama dawa.

Nianze na mbegu yenyewe. Kungumanga ni kiini cha tunda la mkungumanga, mti uliotoka visiwa vya Banda katika Indonesia ya leo, ambao siku hizi unaota pia Unguja na Pemba. Kwetu jina lake linaelekeza Manga, yaani Uarabuni, kama lilivyo la pilipili manga, kwa kuwa ilitufikia kwa majahazi ya upande huo, si kwamba ilizaliwa huko. Ule utando mwekundu unaoizunguka ndio basibasi. Ndani ya mbegu kuna mafuta ya aina mbili: yale mazito yanayoganda kama siagi, ambayo hayana neno, na mafuta tete yanayotoa harufu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya sehemu 5 na 15 katika kila sehemu 100 za uzito wake. Katika mafuta hayo tete ndimo ilimo miristisini, kemikali inayohusishwa na ule ulevi, pamoja na jamaa zake wawili, elemisini na safroli. Harufu tunayoipenda na madhara tunayoyaogopa hutoka katika chupa moja, na kwa hiyo haiwezekani kuyatoa madhara na kuibakiza harufu. Kinachowezekana ni kupunguza kiasi.

Sasa tupime. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha unga wa kungumanga kina uzito wa gramu 2 na kitu, na kijiko cha chakula kina karibu gramu 7. Mbegu moja nzima huwa na gramu 5 au zaidi kidogo, kutegemea ukubwa wake. Madaktari walioandika kuhusu watu waliodhurika hutaja gramu 5 kuwa ndipo matatizo ya wazi huanzia kwa mtu mzima, ingawa wapo walioumwa kwa pungufu ya hapo. Kiasi unachokishika kwa ncha za vidole viwili hakifiki hata robo ya gramu.

Chukua sufuria ya chai ya watu wanane ambayo mpishi mwenye mkono mzito ameitia nusu kijiko cha chai cha kungumanga, yaani gramu moja hivi. Kila mmoja akinywa kikombe chake, amepata takribani sehemu moja ya nane ya gramu. Ili mtu mmoja afikie gramu 5 kwa njia hiyo, itambidi anywe vikombe 40 kwa mkao mmoja, na tumbo lingekataa mapema sana. Ulimi nao ni mlinzi, kwa sababu kungumanga ikizidi chakula huwa kichungu na chenye kukereketa kooni, kiasi kwamba mlaji husukuma sahani pembeni bila kushauriwa na mtu. Kile kidogo kinachoingia mwilini, ini hukivunja na kukitoa bila mtu kuhisi chochote. Kisiwa cha Grenada, ambacho kimeiweka kungumanga hata kwenye bendera yake, hukitia kiungo hiki katika vinywaji, keki na aiskrimu, na tunda la nje hupikwa jamu. Watu wake hawawi walevi kwa sababu hiyo. Mpishi wa halua, wa visheti au wa pilau hana sababu ya kuogopa.

Hatari huanza pale kungumanga inapotoka jikoni na kuwa dawa au starehe, kwa sababu hapo hakuna tena sufuria ya kuigawa wala ladha ya kuizuia. Niliiona hali hiyo nyumbani kwetu, na ndiyo iliyonifanya nilifuatilie jambo hili.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alikuwa hapati usingizi siku za mitihani. Rafiki yake akamwambia kwamba kungumanga inalaza, jambo ambalo lina chembe ya ukweli. Saa mbili usiku alikoroga kijiko kimoja cha chakula cha unga katika maji ya uvuguvugu, akanywa huku ameziba pua. Saa nne alikuwa macho makavu, hana dalili yoyote, akahitimisha kuwa unga ule umechakaa. Akanywa kijiko cha pili. Kwa hiyo alikuwa ameingiza tumboni karibu gramu 14, sawa na mbegu mbili na nusu, na bado alikuwa anajiona mzima.

Kabla ya alfajiri aligonga mlango wangu. "Mjomba, moyo unanienda mbio, na mdomo umekauka kama nimekula majivu," aliniambia, kisha akatapika ukumbini. Uso wake ulikuwa umewiva, mikono ya baridi, na alikuwa na hofu ambayo hakuweza kuieleza: alisema anakufa, halafu baada ya dakika chache akacheka, halafu akaniuliza mara tatu ni nani aliyesimama nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Mama yake alianza kusoma dua, na jirani aliyeamshwa na kelele alishauri tumpeleke kwa mganga kwa kuwa, kwa macho yake, yale yalikuwa mambo ya mashetani. Mimi nilidhani ni malaria imepanda kichwani. Hakuna aliyefikiria mtungi wa viungo.

Hospitali walihesabu mapigo ya moyo 130 kwa dakika. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu, na kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya nacho kilikuwa safi, kwa sababu vipimo hivyo vya kawaida havikutengenezwa kuitambua kungumanga. Jibu lilipatikana pale daktari alipomuuliza kijana kwa upole, bila sisi kuwepo, alikula au kunywa nini tangu jana. Hakuna dawa ya kuifuta kungumanga mwilini. Walimpima moyo kwa mashine, wakamtundikia dripu ya maji, wakampa dawa ya kumtuliza na kumwangalia. Waliulizia pia kama amepata haja ndogo, kwani mkojo unaweza kugoma kutoka. Alilala siku iliyofuata karibu yote, na siku ya tatu bado alikuwa mzito wa kichwa, mdomo mkavu, anatembea kama aliyeshuka melini. Usingizi alioutafuta aliupata, ila si kwa namna aliyoitaka.

Katika kisa hiki chote, jambo ninaloliona kuwa kubwa ni zile saa za ukimya. Pombe humwonya mnywaji mapema, lakini kungumanga mara nyingi huchukua kati ya saa tatu na sita kabla ya kujitokeza, na hukaa mwilini siku nzima au zaidi. Ndiyo maana mtu huongeza kijiko cha pili kwa nia njema kabisa, akiamini kuwa cha kwanza hakikufanya kazi. Jambo la pili ni kwamba vijiko viwili vinavyofanana si lazima viwe na nguvu moja. Kungumanga za Indonesia kwa kawaida huwa na miristisini nyingi kuliko za Karibi, na mbegu iliyokwaruzwa sasa hivi ina mafuta tete mengi kuliko unga uliokaa dukani mwaka mzima katika pakiti iliyo wazi. Anayesema "mimi nilikunywa kijiko na sikupata kitu" anasema kweli kuhusu kijiko chake tu.

Hii si habari mpya. Mwaka 1576 tabibu Lobelius aliandika kuhusu mwanamke mjamzito wa Kiingereza aliyekula kungumanga 10 au 12 na kurukwa na akili kama mlevi. Vifo ni nadra sana, na baadhi ya vilivyoandikwa vilihusisha pia dawa nyingine zilizotumiwa pamoja nayo. Hata hivyo ipo taarifa ya mwanzoni mwa karne ya 20 ya mtoto wa miaka minane aliyefariki baada ya kula mbegu mbili, nami siioni kuwa jambo la kupuuzwa, kwa kuwa kiasi kinachomtikisa mtu wa kilo 70 kinamwangukia mtoto kwa uzito wa mara kadhaa. Ndiyo maana ninapinga waziwazi desturi ya kumpa mtoto mchanga kungumanga iliyosuguliwa jiweni ili alale au aache kuhara. Mkono wa anayesugua haupimi, na mtoto anayelala kupita kiasi hawezi kueleza kwamba moyo wake unaenda mbio.

Kwa watu wazima, mashaka yangu yapo kwenye zile bilauri za "dawa ya asili" zinazosifiwa kwa nguvu za mwili, hedhi, usingizi na mambo ya chumbani. Sipingi uji wa kungumanga unaopewa bwana au bibi harusi, mradi aliyeupika ameutia kama kiungo. Kijiko kikubwa kwa bakuli la mtu mmoja si kiungo tena. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na anayetumia dawa za sonona au za akili wabaki na kile cha kwenye chakula peke yake.

Nyumbani kwetu siku hizi hatuweki unga wake. Tunanunua mbegu nzima, tunaikwaruza mara mbili tatu juu ya sufuria, na iliyobaki inarudi kwenye kopo rafu ya juu, ambako wajukuu hawafiki. Mbegu moja hutuchukua wiki nyingi. Na ikitokea mtu ameimeza kwa vijiko, usimlazimishe kutapika na usisubiri dalili kwa kuwa anaonekana mzima. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, ubebe na kopo lenyewe, na umwambie daktari vijiko vingapi na saa ngapi.